Vifurushi vya vipindi vya repetisiyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tarehe ya mwisho, kushika nafasi na kuhamisha kipindi

Ninafundisha hesabu na fizikia kwa watoto wa humanite, hasa wa mwaka wa sita wa sayansi, nyumbani kwangu Kampemba, Lubumbashi. Tangu nilipoacha kulipwa kipindi kwa kipindi na kuanza kuuza vifurushi (wengine hapa tunaita forfe), marepetita wenzangu wananiuliza maswali yaleyale kwenye simu, tena mara nyingi usiku. Nimeyakusanya hapa. Bei na hesabu ni zangu. Wewe weka zako.

Wewe unauza nini hasa?

Kipindi kimoja cha dakika 75 ni dola 5. Kifurushi cha vipindi 8 ni dola 36, maana yake kila kipindi kinashuka hadi dola 4.5. Kifurushi kinaishi wiki 10 kuanzia kipindi cha kwanza. Ndani yake mzazi ana ruhusa ya kuhamisha vipindi 2, akinijulisha kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku inayotangulia. Asiyejulisha kwa muda huo, kipindi kimeliwa, isipokuwa ile huruma moja ninayoieleza chini. Mimi nikishindwa kufundisha, halipi yeye: kipindi kinabaki chake na tarehe ya mwisho inasogea wiki moja.

Hayo ndiyo ya msingi. Sehemu nyingine yote ya ukurasa huu inaeleza kwa nini namba ni hizo na si nyingine.

Kwa nini kuweka tarehe ya mwisho? Mzazi si amelipa pesa yake?

Amelipa, ndiyo. Lakini hakununua karatasi ya kuweka kabatini. Amenunua nafasi kwenye ajenda yangu, na ajenda haina kabati.

Mwaka wangu wa kwanza niliuza vifurushi vya vipindi 10 bila tarehe yoyote. Nilijiona mtu mwema. Kati ya Februari na Machi niliuza 11, sawa na vipindi 110. Mwisho wa Aprili nilikaa na daftari nikahesabu: watoto walikuwa wametumia 43. Nilikuwa nadaiwa vipindi 67. Uwezo wangu ulikuwa vipindi 14 kwa wiki: viwili kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa tisa alasiri na saa kumi na nusu, halafu vinne Jumamosi. Gawa 67 kwa 14, unapata karibu wiki tano kamili, bila kupokea mtoto mpya hata mmoja, bila kuugua, bila mvua. Na Exetat ilikuwa mlangoni.

Pesa ilikuwa wapi? Ilikwisha. Kodi ya nyumba, mafuta ya jenereta, daftari, maisha. Mei nzima nilifundisha hadi Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, na bado familia mbili niliwarudishia pesa ambayo ilibidi niikope. Wazazi hawakuwa na kosa. Mtoto asiye na tarehe anasubiri hadi aogope, na watoto wote wa mwaka wa sita wanaogopa wiki ileile.

Kwa hiyo tarehe ya mwisho haipo ili nile pesa ya mtu. Ipo ili vipindi vitawanyike katika miezi, visije vyote pamoja kama wateja wa gari la mwisho. Ukiona wiki zinapita na vipindi vingi vinakufa kwenye vifurushi vyako, usifurahi kwamba umepata pesa ya bure. Jua kwamba tarehe yako ni fupi mno, au siku uliyompa mtoto haimfai.

Wiki 10 zinatoka wapi?

Mtoto wa kawaida anakuja mara moja kwa wiki. Vipindi 8, wiki 8. Lakini hakuna mtoto anayekuja wiki 8 mfululizo: kuna homa, kuna kilio, kuna sikukuu, kuna mvua ya Januari inayofunga barabara ya mtaa. Nikampa wiki 2 za kupumulia. Ni robo ya muda. Nilijaribu wiki 8 kavu, nikawa nagombana na kila familia. Nilijaribu wiki 16, nikarudi kwenye ugonjwa wangu wa mwaka wa kwanza, polepole tu zaidi.

Kama watoto wako wanakuja mara mbili kwa wiki, fanya hesabu hiyohiyo: vipindi 8 ni wiki 4, ongeza robo, wiki 5. Kanuni ni mwendo wa mtoto pamoja na robo yake, si idadi ya vipindi peke yake.

Saa inaanza kuhesabu lini: siku ya kulipa au siku ya kipindi cha kwanza?

Siku ya kipindi cha kwanza. Ila kuna mzazi anayelipa Septemba kwa sababu pesa iko mkononi, halafu mtoto anaonekana Novemba. Kwa huyo nimeandika kwamba kipindi cha kwanza kikichelewa, saa inaanza yenyewe siku ya 14 baada ya kulipa. Mwambie hivyo wakati anahesabu noti, si baadaye.

Ninawezaje kujua kama nimeuza kupita uwezo?

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu wanahesabu watoto. Usihesabu watoto. Hesabu mgandamizo: kwa kila mtoto, chukua vipindi vilivyobaki, gawa kwa wiki zilizobaki kabla ya tarehe yake ya mwisho. Jumlisha wote.

Tuseme una watoto watatu. Wa kwanza ameanza leo: vipindi 8 kwa wiki 10, ni 0.8. Wa pili amebakiza 5 na wiki 5, ni 1. Wa tatu ni mtoro: amebakiza 6 na wiki 3 tu, ni 2. Jumla ni 3.8. Watoto ni watatu, lakini kwenye ajenda yako wanakula karibu nafasi nne kila wiki, na yule mtoro peke yake anakula mara mbili ya mwenzake.

Mimi ninafanya hesabu hiyo kila Jumapili jioni. Jumla ikifika 12, siuzi kifurushi kipya hata mtu akija na pesa mkononi. Ninamwandika kwenye orodha ya kusubiri. Na mtoto ambaye namba yake imepita 1.5 ninawapigia simu wazazi wake wiki hiyohiyo, kwa sababu ikipita 2 haiwezekani tena: sipokei mtoto mmoja zaidi ya mara mbili kwa wiki.

Kama una kompyuta, kazi hiyo inafanyika yenyewe. Ekseli nyingi hapa kwetu ni za Kifaransa, basi andika kwa Kifaransa la sivyo itakataa. Safu ya D ni tarehe ya kipindi cha kwanza, E ni wiki ulizoongeza kwa sababu yako wewe, G hadi R ni alama: X kwa kipindi kilichofundishwa, L kwa kilicholiwa, H kwa kilichosamehewa.

```
F2: =D2+70+7*E2
S2: =8-NB.SI(G2:R2;"X")-NB.SI(G2:R2;"L")
T2: =SI(F2>AUJOURDHUI();S2/((F2-AUJOURDHUI())/7);0)
```

F inakupa tarehe ya mwisho, S vipindi vilivyobaki, T mgandamizo. Angalia kwamba H haipunguzi kitu. Daftari na kalamu vinatosha pia, nilianza navyo.

Umesema uwezo wako ni 14, mbona unasimama kwenye 12?

Kwa sababu nafasi mbili siziuzi kamwe: Jumanne saa kumi na nusu na Jumamosi saa nane mchana. Hizo ni za waliohamisha. Repetita anayeuza nafasi zake zote halafu anaahidi kuhamisha anaahidi kitu asichokuwa nacho. Siku mtoto akihama, unamweka wapi? Usiku? Delestaji ikikukuta na mshumaa mmoja na mchoro wa vekta, utajuta.

Na hapo ndipo inapotoka ile namba ya kuhamisha mara 2. Nina nafasi 12 za kudumu. Kama kila mtoto anahamisha mara 2 katika wiki 10, hizo ni safari 24. Nafasi zangu za akiba ni 2 kwa wiki, sawa na 20 katika wiki 10. Zinazobaki 4 zinaingia kwenye nafasi ambazo waliohama wenyewe wameziacha, maana mtoto akihama Jumatano, Jumatano yake iko wazi kwa mwingine. Ningeruhusu mara 3, zingekuwa 36, na hapo sina pa kuwaweka. Ukiwa na akiba zaidi, ruhusu zaidi. Ukiwa huna akiba kabisa, usiandike kwamba inaruhusiwa.

Kwa nini saa kumi na mbili jioni ya jana na si saa 24 kabla?

Nilianza na saa 24. Mama mmoja akaniandikia saa kumi na dakika 40 kuhusu kipindi cha kesho yake saa kumi na nusu, tukabishana juu ya dakika 10 kama watu wa mahakamani. Saa kumi na mbili jioni kila mtu anaijua: jua linazama, watu wanarudi nyumbani. Na inanipa mimi jioni nzima ya kumtafuta mtoto mwingine wa kuchukua nafasi ile.

Ujumbe wa maandishi tu ndio unaohesabika. "Nilimwambia mtoto akwambie" haihesabiki, na "nilikupigia ukawa hupatikani" pia haihesabiki, maana mtandao wetu unajulikana. Ujumbe una saa yake chini, hauna ubishi.

Mtoto akiugua siku yenyewe?

Ujumbe wenyewe unafanana kila mara: "Jambo Mwalimu, mutoto iko mugonjwa, hatakuya leo." Unafika saa nane mchana, kipindi ni saa kumi na nusu. Ukisema kimeliwa, umekuwa mtu mbaya mtaani. Ukisema hakijaliwa, kesho kila mtoto ana homa.

Nimeweka huruma moja kwa kila kifurushi. Haihitaji karatasi ya daktari, haihitaji maelezo. Mzazi anatumia akitaka, hata kama ni harusi. Kipindi kinarudi kwake, lakini tarehe ya mwisho haisogei. Ya pili inaliwa. Kudai karatasi ya dispensari nilijaribu nikaacha: unamtuma mama atumie pesa ya matibabu kuthibitisha kwamba hasemi uongo, na wewe unakuwa mkaguzi badala ya mwalimu. Kwa ugonjwa wa kweli, wa kulazwa, ninasimamisha saa ya kifurushi kizima hadi mtoto atoke. Imetokea mara mbili kwa miaka yote hii, sikuhitaji kuandika kanuni yake ndefu.

Nionyeshe kifurushi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Huyu ni mama wa Bel-Air, mtoto wake ni wa mwaka wa tano. Alilipa Jumatatu 12 Januari 2026. Nafasi yao: Jumatano saa kumi na nusu. Kipindi cha kwanza 14 Januari, kwa hiyo tarehe ya mwisho ni 25 Machi.

14 na 21 Januari mtoto alikuja. Jumanne ya 27, saa kumi na moja jioni, mama akaandika kwamba kesho kuna sherehe ya familia. Yuko ndani ya muda. Nikampa Ijumaa 30, nafasi iliyoachwa na mtoto mwingine. Huko ni kuhamisha kwa kwanza, kipindi cha tatu. Tarehe 4 Februari alikuja, cha nne.

11 Februari, homa, ujumbe saa nane mchana. Huruma imetumika, kipindi kimebaki. 18 Februari nilikuwa na msiba mimi mwenyewe, sikufundisha. Kipindi kimebaki chake, na tarehe ya mwisho ikahama kutoka 25 Machi hadi 1 Aprili. Nilimwandikia tarehe mpya siku hiyohiyo, kwa namba, si kwa kusema "tutaongeza".

25 Februari, kipindi cha tano. Sasa tazama 4 Machi. Mama aliandika Jumanne saa mbili usiku: kesho hawezi. Saa kumi na mbili imepita, huruma imekwisha. Kipindi cha sita kimeliwa. Hakupenda. Nilimtumia picha ya risiti yake yenye mstari ule, na sikuongeza neno. Kipindi cha 11 Machi aliomba kukihamisha mapema, tangu Jumatatu. Nikampa Jumamosi 14 saa nane mchana, nafasi ya akiba. Hicho cha saba, kuhamisha kwa pili. 18 Machi cha nane, tumemaliza.

Angalia kilichotokea: mtoto alikuwa na karibu kila aina ya tatizo linalowezekana, na bado alimaliza wiki mbili kabla ya tarehe. Hata kipindi kile kisingeliwa, angemaliza 25 Machi. Ndivyo unavyojua kwamba muda wako ni wa haki: anayejitahidi anafika nao bila kukimbia.

Kuliwa kwa kipindi si ukatili? Mwenyewe umesema hukufundisha.

Sikufundisha, lakini nilikaa. Nafasi ya Jumatano saa kumi na nusu haiuziki saa mbili usiku wa Jumanne. Hata hivyo situmii muda ule kulala. Ninamtumia mtoto zoezi la kipindi kile na kulisahihisha likirudi. Wazazi wengi hasira yao inapungua hapo, ingawa sikufanya kwa ajili ya hasira. Mtoto aliyekosa milinganyo ya kipeo cha pili atakuja wiki ijayo bila kuelewa kitu.

Mtoto akichelewa?

Ninangoja dakika 20. Kipindi kinaisha saa yake ileile kwa sababu nyuma yake kuna mwingine. Baada ya dakika 20 bila ujumbe, kimeliwa.

Mvua, umeme, mtandao?

Swali ni moja: nani alizuiwa kuwa mahali pake? Ninafundishia kwangu. Umeme wa SNEL ukikatika kwangu, ni juu yangu: ninawasha jenereta au ninafundisha barazani, na nikishindwa, kipindi kinarudi kwa mtoto. Kwa vipindi vya simu au kompyuta, kila mmoja anabeba upande wake. Mtandao wake ukikatika katikati, tunangoja dakika 15, tunahamia kwenye simu ya kawaida, na kama nusu ya kipindi imeshafanyika, kimefanyika.

Mvua kubwa ya Desemba hadi Machi ninaitendea kama kosa la hakuna mtu: kipindi kinarudi kwa mtoto bila kula huruma, tarehe haisogei. Lakini mvua iwe imenyesha Kampemba na mimi niione. Kuna mtoto mmoja ambaye kwao kunanyesha hata Julai.

Jambo dogo kwa wenye wanafunzi wa mbali: saa kumi ya Lubumbashi ni saa tisa ya Kinshasa. Kila ujumbe wa kushika nafasi uandike "saa ya Lubumbashi". Nilipoteza vipindi viwili kabla ya kujifunza.

Sikukuu zinahesabiwaje?

Siongezi siku kwa sikukuu, kwa sababu zinajulikana mapema na zile wiki 2 za kupumulia zipo kwa ajili yake. Lakini ninaziandika kwenye risiti zinapoangukia ndani ya kifurushi: 16 na 17 Januari, 6 Aprili, 1 Mei, 30 Juni. Mtoto ambaye nafasi yake imeangukia siku hizo anahamishwa bila kuguswa zile ruhusa zake mbili. Likizo ya Pasaka ninafunga wiki moja, na wiki hiyo ninaiongeza kwa kila mtu, maana kufunga ni uamuzi wangu.

Nafasi ya kudumu au kila mtu ashike anapotaka?

Ya kudumu. Mtoto ana siku yake na saa yake mpaka kifurushi kiishe. Niliwahi kuacha kila mtu achague wiki kwa wiki: wote walitaka Jumamosi saa tatu na nusu, na Jumatatu nilikuwa nimekaa peke yangu nikisikiliza redio. Kwa mzazi anayefanya kazi ya zamu mgodini na hawezi kuahidi siku, ninauza kifurushi cha kuelea: bei ya kipindi ni dola 5 bila punguzo, anashika nafasi wiki moja mbele tu, na anachukua zilizobaki. Hana ruhusa ya kuhamisha kwa sababu hahitaji, anashika nyingine.

Mzazi akiacha katikati, ninarudisha kiasi gani?

Hesabu vipindi vilivyotumika na vilivyoliwa kwa bei ya kimoja kimoja, rudisha kinachobaki. Ametumia 3: mara dola 5, ni 15. Kutoka 36 anarudishiwa 21. Ukirudisha kwa bei ya kifurushi ungempa 22.5, na kila mjanja angenunua vipindi 8 ili apate punguzo halafu aache baada ya viwili. Kwa hesabu hii aliyetumia 7 anarudishiwa dola 1, na mwambie hivyo mwanzoni. Tarehe ya mwisho ikishapita, hakuna kurudisha.

Ili uweze kurudisha lazima pesa iwepo. Pesa ya kifurushi si yako siku unayoipokea. Ni deni la vipindi 8. Ninaiweka kwenye namba ya simu tofauti, na kila Jumamosi ninatoa dola 4.5 kwa kila kipindi kilichofundishwa au kuliwa wiki hiyo. Ndiyo mshahara wangu. Mengine yakae.

Kwenye risiti andika dola, faranga zilizopokewa na bei ya dola ya siku ile. Deni libaki kwa dola, na unaporudisha, geuza kwa bei ya siku ya kurudisha. Gharama ya kutoa pesa kwenye simu mkubaliane mapema ni ya nani. Kwangu anayeacha ndiye anayebeba. Na usipokee noti ya dola iliyochanika ukidhani utamrudishia mwingine. Hakuna atakayeichukua.

Tarehe imepita, mzazi analia. Nifanye nini?

Kwanza jiulize kama alikumbushwa. Vikibaki vipindi 3, au zikibaki wiki 3, chochote kitakachotangulia, ninaandika: "Mama, kifurushi cha mtoto kimebakiza vipindi 3, mwisho ni Jumatano 1 Aprili. Nafasi zilizo wazi ni Jumanne saa kumi na nusu na Jumamosi saa nane." Kama sikuandika ujumbe huo, kosa ni langu, ninaongeza.

Kama niliandika, ninaongeza wiki 2 mara moja tu, na kwa nafasi za Jumatatu hadi Alhamisi saa tisa alasiri, ambazo ni rahisi kupatikana. Jumamosi hapana. Mei na Juni hapana kabisa, hata kwa ndugu.

Watu watakwambia kifurushi chako ni kama megabaiti za simu zinazokufa usiku wa manane. Mfano huo unauma kwa sababu kila mmoja wetu ameshapoteza megabaiti. Tofauti ni kwamba megabaiti hazina mtu anayekupigia kukukumbusha.

Kuna sheria inayokataza tarehe ya mwisho?

Msingi wetu wa mikataba ni dekreti ya 30 Julai 1888, na kifungu chake cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Kinadai pia yatekelezwe kwa nia njema. Kwa repetita maana yake ni rahisi: kanuni aliyoisoma mzazi kabla ya kulipa inamfunga, kanuni uliyoitoa mfukoni baada ya ugomvi haimfungi. Ndiyo maana masharti yangu yako kwenye risiti yenyewe, mistari sita, na mzazi anatia sahihi chini ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa mkono. Wa mbali anajibu "nimekubali" kwenye ujumbe kabla sijapokea pesa.

Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kutumia kifurushi kimoja?

Wanaweza, kwa zamu, si kwa pamoja kwenye kiti kimoja. Lakini vipindi 8 kwa watoto wawili ni vipindi 4 kila mmoja, na mama atasema mwalimu hakusaidia kitu. Mimi ninamshauri anunue viwili na ninampa ruhusa za kuhamisha zichangiwe: 4 kwa nyumba nzima. Kubadilishana nafasi kati ya ndugu sihesabu kama kuhamisha, kwa sababu nafasi haikubaki wazi.

Na vifurushi vya karibu na Exetat?

Baada ya Pasaka siuzi tena vya 8 kwa mwaka wa sita. Ninauza vya vipindi 4, wiki 4, kuhamisha mara 1, huruma hakuna. Tarehe ya mwisho ninaiweka Jumamosi inayotangulia wiki ya mtihani, hata kama hesabu ya wiki 4 ingefika mbele zaidi. Basi ananunua vichache. Siku ya pili ya mtihani ndiyo ya sayansi, na mtoto anayeomba kipindi jioni ya siku ya kwanza ninamwambia akalale.